Maelezo ya picha za mikeka ya ukindu: maswali ninayoulizwa hapa Bagamoyo

Shangazi yangu anasuka mikeka Kaole, mimi napiga picha za kuiuzia mtandaoni na kuandika maneno ya chini ya picha, yale ambayo vijana wanayaita kapsheni. Kazi hiyo imeanza kuniletea wageni barazani: jirani mwenye vikapu, mama wa makawa, kijana anayechonga vinyago. Maswali yao yanafanana, nami nimechoka kuyajibu nikiwa nimesimama. Nimeyaandika hapa. Mfano wangu ni mkeka kwa sababu ndio ninaoujua, lakini mwenye kikapu atajipatia chake.

Nianze na hadithi ya msusi au nianze na bei?

Anza na kitu chenyewe, kipimo chake na bei, vyote katika mstari wa kwanza. Instagram huonyesha mistari miwili hivi tu ya mwanzo, iliyobaki inajificha mpaka mtu abonyeze `more`. Nafasi yote ya maelezo ni herufi 2,200, na hutazimaliza, lakini mistari miwili ya mbele ndiyo inayosomwa na kila mtu. Ukiitumia kusema "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu", umeuza salamu.

Hadithi inafuata, na kazi yake ni kujibu swali ambalo bei imekwisha kulizua kichwani mwa mteja: mbona elfu sitini na tano, na sokoni kuna mkeka wa plastiki kwa bei ya chini sana? Halafu unakuja usafiri. Watu wengi huandika mambo haya matatu kama matangazo matatu yaliyobandikwa ukuta mmoja. Mimi naona ni jambo moja. Siku alizosuka shangazi ndizo zilizofanya bei iwe ile, na ndizo zinazofanya anayetaka mkeka wa pili asubiri. Ukilielewa hilo, maelezo yanajiandika.

Msusi wangu hana hadithi. Anasuka tu. Niandike nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na anayeniuliza mara nyingi ameshaandika "imetengenezwa kwa mkono na kwa upendo mkubwa". Maneno hayo yanakaa chini ya keki, chini ya kanga, chini ya sabuni ya mwani. Hayasemi chochote kuhusu mkeka huu.

Usimwulize msusi "niambie hadithi yako". Atakutazama tu, au atakueleza habari za ndoa yake. Kaa naye wakati anasuka, umwulize kuhusu kitu kilicho mikononi mwake: ukindu, chane zilizochanwa humo, au ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwa chane hizo. Ukindu huu umeupata wapi? Hapa mbona rangi imekoza? Ukili huu pima ngapi? Nani alikufundisha kuunga chane ikiisha? Majibu huja mafupi, na katika kumi moja litakuwa dhahabu. Tafuta lile ambalo msomaji anaweza kulithibitisha kwa kutazama picha.

Nitoe mfano. Mkeka wa mwezi wa sita una milia ya zambarau, na upande wa kulia zambarau imekoza kuliko kushoto. Mimi nilitaka kupiga picha kwa pembe ambayo haionyeshi. Shangazi akaniambia sufuria ya kwanza ya rangi iliisha katikati ya kazi, akachemsha nyingine, na ya pili ikakubali zaidi. "Mwanangu, sifumui," akasema. Nikaandika hivyo hivyo. Mteja aliyeununua aliupokea, akautazama upande wa kulia, akanipigia simu kusema ameiona ile sufuria ya pili. Kama ningeificha tofauti ile, simu yake ingekuwa ya kurudisha mkeka.

Yako mambo mawili ambayo siyaandiki. La kwanza ni kumfanya msusi ombaomba: "msaidie bibi huyu", "ananunulia dawa". Hata kama ni kweli, mteja anayenunua kwa huruma hununua mara moja, tena msusi akisomewa hataki kukuona. La pili ni kumwongezea miaka na mababu. Shangazi alijifunza kusuka kwa jirani, akiwa mtu mzima, baada ya kuacha kuuza samaki. Si ufundi uliorithiwa tangu enzi za misafara. Nimeona kwamba hadithi ya jirani inawafurahisha watu kuliko ya mababu, kwa sababu kila muuzaji ana mababu.

Bei niiweke wazi au niseme "njoo inboksi"?

Iweke wazi. Najua hoja za upande wa pili: mshindani ataiona, mteja ataogopa, kila mtu nitampa bei yake. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayojulikana na wateja, na ndiyo inayowafanya wapite. Mtu asiyekujua, anayeuliza bei inboksi, anahisi unampima mfuko kwanza.

Tatizo la kweli ni kwamba wengi hawaiandiki bei kwa sababu hawaijui. Tuihesabu ya mkeka ule. Kipimo chake ni futi 4 kwa 6. Ukili wa shangazi una upana wa sentimita 5 hivi, kama vidole vitatu. Futi 4 ni sentimita 122, kwa hiyo unahitaji mistari 25 ya ukili iliyoshonwa ubavu kwa ubavu. Kila mstari una urefu wa futi 6, na futi 6 ni pima moja. Mkeka mzima basi ni pima 25 za ukili. Shangazi anasuka pima 2 kwa siku, alfajiri na baada ya magharibi, maana mchana ana shughuli nyingine. Ni siku 13. Kushona na kutia pindo siku 2 zaidi. Jumla siku 15.

Ukindu ulimgharimu sh 12,000 na rangi sh 4,000, yaani 16,000. Yeye alitaka kuuza 40,000, bei ya kumuuzia jirani. Nikamwambia tutoe 16,000, ibaki 24,000, tugawe kwa siku 15. Ni sh 1,600 kwa siku. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa pesa hiyo bora alale. Tukakubaliana 3,000 kwa siku, jumla 45,000. Ukiongeza ukindu na rangi ni 61,000, na 4,000 ya bando langu, kamba na karatasi ya kufungia. Ndiyo 65,000.

Sasa tazama: huhitaji kumwandikia mteja hesabu hiyo yote. Andika "pima 25 za ukili, siku 13 za kusuka na 2 za kushona". Anayejua kugawa atagawa mwenyewe, na ombi la kupunguziwa litapungua makali. Halitaisha, hapa ni Pwani. Amua kabla hujaandika: kama una nafasi ya kushuka, andika "maelewano yapo", kama huna, andika "bei haipungui" na usipunguze hata kwa binamu, au mpunguzie kimya kimya.

Tuonyeshe maelezo kamili uliyoandika.

Haya hapa, ya mkeka ule ule:

"Mkeka wa ukindu, futi 4 kwa 6, milia ya zambarau. Sh 65,000. Upo mmoja.

Ameusuka shangazi yangu wa Kaole: pima 25 za ukili, siku 13 za kusuka na 2 za kushona. Upande wa kulia zambarau imekoza. Sufuria ya kwanza ya rangi iliisha katikati ya kazi, akachemsha nyingine. Nikamwuliza kama atafumua. Akasema, 'Mwanangu, sifumui.'

Ukija kuchukua Bagamoyo hulipii usafiri. Dar es Salaam sh 4,000, unapokea stendi ya Makumbusho. Boda ya kutoka hapo unalipa wewe. Mikoani tuongee kwanza, nikuulizie basi.

Mzigo unaondoka Jumanne na Ijumaa asubuhi. Ukilipa leo kabla ya saa 12 jioni, mkeka wako unapanda gari la siku ya mzigo inayofuata.

Rangi hii usiiloweke. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini. Bei ya mwezi wa sita."

Mstari wa kuhusu kuloweka niliuongeza baada ya mteja wa mwanzo kufua mkeka mwekundu kwenye beseni pamoja na mashuka meupe. Mashuka yalikuwa ya mama mkwe wake. Siongezi zaidi ya hapo.

Usafiri niandike vipi? Nimeweka "usafiri bure Dar" na sasa napata hasara.

Pole, nilipita njia hiyo hiyo. Niliandika "Dar bure" nikifikiria Makumbusho, ambako gari za Bagamoyo zinaishia. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Kigamboni, ng'ambo ya maji. Boda, pantoni, boda tena. Faida ya mkeka ule iliishia njiani, na sikuwa na la kumlaumu kwa sababu Kigamboni ni Dar.

Jina la mji halitoshi kuwa mahali pa kupokelea. Andika kituo ambacho mzigo utafika kwa bei uliyotaja, kisha useme wazi nani analipa kipande kinachobaki. Ukiandika "usafiri juu ya mteja" peke yake, umemwachia mtu wa Mbagala akisie, naye atakisia bei ndogo. Wewe ukimtajia ya kweli ataona umeongeza. Mikoani usitaje bei moja kabisa. Mzigo wa Moshi na wa Songea hauna nauli moja, tena kutoka Bagamoyo mara nyingi unapanda magari mawili, la kufika Dar na la kuendelea kutoka stendi ya Magufuli, na kila gari linalipwa lake. Uliza wapokea mizigo kwanza, umtajie mteja, akikubali ndipo umpokee pesa.

Umbo la kitu nalo linahusu usafiri. Mkeka wa ukindu haukunjwi kama shuka, ukindu mkavu unavunjika kwenye kunjo na alama haiondoki. Unaviringishwa. Mkeka wa futi 4 kwa 6 ukiviringishwa unakuwa gogo la sentimita 122, na si kila bodaboda atalikubali. Ndiyo maana huwa namwambia mteja kabla: "utaupokea umeviringishwa, urefu wa futi 4". Kuna aliyekuja kuupokea na begi la mgongoni. Vikapu vina taabu yao, ni vyepesi lakini vinakula nafasi, na kondakta anatoza nafasi. Vikapu vitatu vya ukubwa tofauti vikiingizwa kimoja ndani ya kingine vinasafiri kama kimoja. Ukiviuza kwa seti, liandike hilo, ni punguzo ambalo halikugharimu kitu.

Mzigo ukishapakiwa, piga picha risiti ya mzigo na namba ya gari, mtumie mteja kabla gari halijatoka stendi. Katika maelezo andika tu "utapata picha ya risiti". Maneno manne, na mtu aliyewahi kutapeliwa anatulia.

Niahidi siku ngapi?

Kwa kitu kilichopo, hesabu kutoka siku ya malipo, usihesabu kutoka siku mlipoanza kuongea. Mtu anaweza kuulizia Jumatatu na kulipa Alhamisi ya wiki ya pili.

Kwa kitu cha kuagiza, siku zako tayari zimo kwenye hadithi. Umesema siku 13 na 2, kwa hiyo mkeka mpya hauwezi kuwa tayari baada ya wiki. Mimi naandika "ukiagiza mwingine: siku 21 tangu uweke kishika uchumba". Hizo sita za juu ni za msiba, za mvua, za ukindu kukosekana. Masika ukindu unachelewa kukauka, na ukisukwa mbichi unasinyaa baadaye na kuacha matundu kati ya mistari. Ukihifadhiwa na unyevu unaota ukungu. Machi mpaka Mei naandika siku 28. Hakuna mteja aliyenikasirikia kwa kumpelekea mkeka mapema.

Ni lazima niweke jina na sura ya msusi?

Si lazima, na si uamuzi wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo ilikuwa adabu tu kumwuliza mtu. Mwonyeshe picha yenyewe na umsomee maneno yenyewe, usimwulize kwa ujumla. Shangazi alikubali mikono yake ionekane, sura akakataa, na jina akasema liwe "shangazi wa Kaole", kwa sababu hataki wadai wa kikoba wajue ameuza nini. Sababu yake ni nzuri kuliko zote nilizozifikiria mimi.

Mikono inatosha. Picha ya vidole vinavyounga chane, na ukili umelala mapajani, inaeleza kazi kuliko sura inayotabasamu mbele ya mkeka uliokwisha. Na usiandike nyumba ilipo. "Kaole" yatosha, huna haja ya kutaja nyuma ya msikiti gani.

Malipo niandike nini?

Mtandao unaopokelea, na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja anapotuma. Jina ndilo wanalolisahau. Mtu amesoma habari za shangazi wa Kaole, anataka kutuma pesa, simu inamletea jina la mwanamume asiyemjua. Anasitisha, na hakwambii kwa nini. Andika "jina litatokea la mpwa wake, ndiye mimi ninayeandika".

Sema pia kama bei ni pamoja na ya kutolea au la. Kama hukusema, chukulia haimo, na usigombane na mteja kwa ajili yake. Kwa mikeka ya kuagiza nachukua nusu kwanza. Kwa mikeka iliyopo nachukua yote kabla ya kupakia, isipokuwa mteja anayekuja mwenyewe.

Niandike kwa Kiingereza pia? Wageni wanakuja Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo.

Ukitaka. Kiswahili juu, Kiingereza chini, kwa kifupi. Bei iwe ile ile kwa lugha zote mbili. Wageni wana marafiki wanaosoma Kiswahili, na bei mbili chini ya picha moja zinaonekana haraka kuliko sufuria mbili za rangi.

Alama za reli ngapi?

Tatu au nne, za kitu na mahali: #mkeka #ukindu #bagamoyo. Nimewahi kuweka thelathini. Nilipata wafuasi wanaouza nywele.

Stetasi ya WhatsApp inaondoka baada ya saa 24. Maelezo yote haya ya nini?

Stetasi haihitaji yote. Weka mstari wa kwanza tu na usafiri kwa ufupi. Lakini kuna hatari nyingine: mtu anaipiga picha skrini au anaihifadhi picha, anaituma kwenye kundi la familia, na maneno yako hayakwenda nayo. Baada ya wiki mbili unapigiwa simu kutoka Dodoma kuulizwa mkeka usiokuwepo, kwa bei aliyoibuni shemeji wa mtu. Kwa hiyo juu ya picha yenyewe, pembeni, kwa herufi ndogo zisizofunika kazi, naandika kipimo, bei, mwezi na namba ya simu.

Kiungo cha kumleta mtu moja kwa moja WhatsApp kinaandikwa hivi, namba ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX
```

Kiweke kwenye wasifu wa Instagram, kwa sababu ndani ya maelezo ya picha za Instagram viungo havibonyezeki. Facebook vinabonyezeka.

Mkeka ukishauzwa, nifute picha?

Usifute. Hariri mstari wa kwanza: "Umeuzwa. Kama huu kwa kuagiza, sh 65,000, siku 21." Hadithi iache, ila useme kwamba rangi haitatoka vile vile, kwani sufuria ni nyingine. Kisha kila mwezi pitia picha za zamani uone kama bei bado ni ya kweli. Mwezi uliopita ukindu ulipanda, shangazi akaniuliza mkeka wa zambarau bado uko 65,000 kule kwenye simu. Ulikuwa uko hivyo katika picha saba. Nilikaa barazani nikazirekebisha zote, yeye pembeni akisuka pima ya tatu.